Wewe unayezima maiki, jaribu kazi ya kusoma Oracles

Kwa miaka miwili nilicheza Destiny 2, gemu ya mtandaoni ya kupiga risasi, bila mtu hata mmoja kuijua sauti yangu. Natengeneza simu Mwanjelwa, hapa Mbeya, na hiyo ni kazi nzuri kwa mtu mwenye aibu: mteja anaeleza, wewe unaitikia "ndiyo" au "njoo saa kumi", halafu unainamia skrubu zako. Jioni nikirudi chumbani Iyunga nilikuwa nawasha laptopu ya mtumba, nacheza peke yangu mpaka usingizi. Raidi nilikuwa naziona kama nyumba ya jirani yenye sherehe: muziki nausikia, kuingia siwezi.

Kwa asiyejua, raidi ni safari ya watu sita. Mechi za kawaida gemu inakutafutia wenzako, lakini raidi lazima ukusanye watu mwenyewe, na lazima mzungumze. Niliyoanza nayo inaitwa Vault of Glass. Ilitoka 2014 kwenye Destiny ya kwanza, ikarudishwa ndani ya Destiny 2 mwezi Mei 2021, na huhitaji kuilipia. Kundi la WhatsApp la wachezaji wa Kiswahili lilikuwa limepungukiwa mtu mmoja. Nikaandika "nipo", halafu nikakaa nikiitazama ile meseji nikitamani kuifuta.

Tulikuwa mzee mmoja wa Mafinga anayeuza mbao, dada muuguzi wa Njombe, vijana wawili wa Dar, dada mwingine wa Mombasa, na mimi. Mzee alikuwa ameimaliza mara nyingi, kwa hiyo yeye ndiye aliyegawa kazi. Aliponiuliza naweza nini, nilijibu kwa kuandika: "Chochote kisicho na kuongea." Akacheka, akasema, "Basi, mwanangu, nitakupa chenye maneno mawili tu."

Hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza ulipo. Ukiwa na aibu, usiombe kazi ya ukimya. Mtu wa ukimya kwenye raidi hakumbukwi, na usiku wa pili wakipata mwingine hawatakutafuta. Omba kazi yenye maneno machache ambayo wenzako hawawezi kuyakosa. Ndani ya Vault of Glass kazi hiyo iko kwa bosi wa mwisho, Atheon.

Iko hivi. Vita vikianza, Atheon anawachukua watu watatu na kuwatupa upande mwingine wa wakati, ama Venus ama Mars. Wale watatu wanakuta mipira ya nuru inayoitwa Oracles na wanatakiwa kuipiga kwa mpangilio maalumu, ila mpangilio wenyewe hawauoni. Wanaouona ni nyinyi mliobaki nje: nuru zinawaka moja baada ya nyingine, kila moja na mlio wake, mitatu kwa mzunguko, na mizunguko ni mitatu. Upande wa kushoto kuna moja, mbili na tatu, na kulia vivyo hivyo. Msomaji anatazama, kisha anawatajia walio ndani: kushoto mbili, kulia moja, kulia tatu. Wakikosea mpangilio au wakichelewa, mnakufa wote sita na kuanza upya.

Kwa hiyo mnyonge kuliko wote ndiye aliyekuwa na ufunguo. Huhitaji kuchekesha wala kujua la kusema ukimya ukiingia, kwa sababu maneno unaandikiwa na gemu na kazi yako ni kuyasoma tu. Angalizo moja: Atheon hakuulizi anakuchukua lini. Safari nyingine utajikuta ndani unapiga badala ya kusoma, ndiyo maana kila kundi linahitaji wasomaji zaidi ya mmoja.

Usiku wa kwanza tulikufa mara tano kwa sababu yangu, na sikuelewa kwa nini. Nilikuwa nasoma sawasawa kabisa. Mara ya sita dada wa Njombe akasema kwa upole, "Kaka, sisi tunasikia 'mbili, moja, tatu' tu. Upande hatuusikii."

Kuzungumza tulitumia programu ya Discord, na maiki yangu humo ilikuwa imewekwa ijifungue yenyewe ikisikia sauti. Kuna kiwango, kinaitwa Input Sensitivity; sauti ikiwa chini yake maiki inabaki imefungwa. Sasa mtu mwenye aibu huanza sentensi kwa kunong'ona. "Kushoto" yangu ilikuwa inatoka kifuani ikiwa hafifu, maiki ikawa inashtuka nikifika "mbili", na wenzangu wakawa wanapokea namba bila upande. Ongeza mvua ya Mbeya juu ya bati, na kile kichujio cha makelele ambacho nacho kikiwa na mashaka kinakuhesabu wewe kuwa sehemu ya mvua.

Dalili yake ni rahisi kuitambua: watu wanakuuliza "umesemaje?" lakini mwisho wa sentensi yako wanaujua. Ingia User Settings, kisha Voice & Video, ujaribu maiki huku ukiongea kama unavyoongea usiku watu wa chumba cha pili wakiwa wamelala, siyo kama unavyoongea mchana. Mimi niliachana kabisa na kujifungua kwenyewe nikachagua Push to Talk: unabonyeza kitufe, unasema, unaachia. Siri yake ni kubonyeza kwanza, kuvuta pumzi, ndipo useme. Ile pumzi moja iliniponya mambo mawili, neno la kwanza likaacha kumezwa na mimi nikaacha kukimbilia maneno. Kitu kingine ni kwamba kitufe kikiwa hakijabonyezwa una uhakika hakuna anayekusikia unavyomeza mate. Kwa mtu wa aibu hiyo ni nusu ya usingizi.

Usiku wa pili mzee akaleta wazo. "Kushoto" na "kulia" kwenye mtandao unaokatika huwa zinafanana kuliko unavyodhani, zote zinaanza na "ku" na mtu aliye kwenye vita hasubiri silabi ya pili. Akasema, "Ukitoka Mbeya ukafika Makambako, Njombe iko mkono gani?" Kulia. Na Iringa unaendelea na barabara kuu kushotoni. Basi kushoto tukaiita Iringa na kulia Njombe. "Iringa mbili, Njombe moja, Njombe tatu." Dada wa Mombasa hajawahi kukanyaga Makambako, akalalamika kwamba tunamfanyisha mtihani wa jiografia. Akaandika kwenye karatasi na kuibandika chini ya skrini. Nadhani yeye ndiye aliyekosea mara chache kuliko sisi sote.

Jambo jingine nililolijifunza pale ni namna ya kukosea. Ukisoma vibaya, utatamani kunyamaza uone kama itapita, na haipiti. Sema palepale, kwa maneno mafupi: "Nimekosea, ya pili ilikuwa Iringa." Wakati mwingine wanawahi kurekebisha. Wasipowahi, mnakufa, lakini hakuna anayeanza kuulizana nani kaharibu. Na hapo pia utawapima watu. Mmoja wa wale vijana wa Dar alikuwa anafoka na kutukana kila tukifa. Mzee alimwonya mara moja, mara ya pili akamtoa bila hotuba na tukatafuta mwingine. Kama ulipo anayefoka anabembelezwa na anayefokewa anaambiwa azoee, toka. Hutapata rafiki hapo hata mkimaliza raidi kumi.

Sasa usiku wenyewe. Raidi inahifadhi mahali mlipofika, lakini kila wiki inafutwa Jumanne, na kwa saa zetu ni saa mbili usiku. Tulikuwa tumefika kwa Atheon, na ilikuwa Jumatatu karibu saa sita za usiku. Jumanne dada wa Njombe alikuwa zamu. Ilikuwa usiku huo au kuanza upya mlangoni. Tulimpiga hadi akabakiwa na damu kidogo, tukafa. Tukajipanga tena. Nikabonyeza, nikavuta pumzi, nikasema "Iringa..." na chumba kizima kikawa giza.

LUKU ilikuwa imeisha. Uniti nilikuwa nimeziona tangu asubuhi, nikasema nitanunua nikirudi, nikasahau. Betri ya laptopu yangu ilikufa zamani, inaishi kwa waya tu, kwa hiyo vyote vilizimika pamoja na ruta. Kwenye simu nilikuwa na MB za kutosha meseji chache, na hela sifuri.

Nilikaa gizani na baridi ya Julai, nikaandika "umeme umekatika" nikafuta, maana huo ulikuwa uongo wa heshima. Nikaandika "LUKU imeisha, sina hela, samahani, endeleeni" nikaituma kabla aibu haijanizuia. Nilitegemea wachukue mtu mwingine. Mzee akajibu neno moja: "Tunangoja." Dada wa Njombe akajibu, "Namba ya mita."

Dakika chache zikaingia tarakimu ishirini. Nilitoka nje hadi kwenye mita, nikashika simu kwa meno ili inimulikie, vidole vimekufa ganzi, nikakosea mara mbili, mara ya tatu ikakubali. Niliporudi ndani ya gemu walikuwa wamekaa chini, wahusika wao watano kwenye duara mbele ya mlango wa Atheon, wanamsikiliza mzee akisimulia lori lililokwama tope Mufindi. Hakuna aliyeniuliza kitu. "Umefika? Tuanze."

Tulimmaliza saa saba na nusu. Sikumbuki silaha niliyopata.

Ile hela nilimrudishia asubuhi yake, kabla ya kufungua duka, na nakushauri ufanye hivyo hivyo. Wema wa usiku ukiacha ulale unageuka deni, na deni linakurudisha kwenye ukimya. Na anayekuomba hela kabla hamjacheza hata wiki mbili, mpe pole tu. Sisi tulikaa miezi mitano tukicheza kila Jumatatu kabla ya mtu kutaja kukutana, na tulipotaja tulichagua mchana, stendi, mahali penye watu.

Ilikuwa Makambako, bila shaka. Dada wa Mombasa na wengine wawili hawakuweza, tukawa watatu. Sura tulikuwa hatujaonana hata kwa picha. Nilishuka kwenye basi la kutoka Mbeya nikasimama na begi langu katikati ya wauza karanga na makondakta, ile aibu yangu ya zamani imenikaba shingo, najiuliza nitamsogelea nani na nianze na salamu gani. Nikawaza kurudi ndani ya basi, kweli.

Ndipo kutoka kwenye kibanda cha chai upande wangu wa kushoto ikaja sauti nzito ya mzee ninayeifahamu: "Iringa moja!"

Nikageuka. Alikuwa ameshaniagizia chapati mbili.