Inveta ya mota inatripu OC ikianza tu: maswali manne ya mafundi

Nikibonyeza RUN, mota haijasogea hata kidogo, inveta inaandika OC, yaani mkondo umezidi. Nianzie wapi?

Anza kwa kutenganisha. Zima umeme, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko, kisha pima volteji ya DC kati ya temino za chanya na hasi hadi uone imekwisha. Usiruke hatua hii: kwenye inveta ya 400 V, kapasita hubaki na takriban 565 V, na taa za skrini zinaweza kuwa zimezimika zamani.

Fungua waya za mota kwenye U, V na W. Pima daraja la ndani kwa alama ya dayodi ya mita: ncha nyekundu kwenye hasi ya DC, nyeusi ikigusa U, halafu V, halafu W. Kisha nyekundu ihamie kwenye U, V, W na nyeusi ikae kwenye chanya. Kila mara tarajia takriban 0.3 hadi 0.5, na fezi zote tatu zikaribiane. Fezi moja ikisoma sifuri, swichi ya ndani imeungua na hupaswi kurudisha umeme.

Usomaji ukiwa sawa, weka inveta kwenye hali ya V/f, yaani volteji ikipanda pamoja na masafa, washa bila chochote kwenye matokeo na ubonyeze RUN. Ikilalamika kukosa fezi ya mota, hilo ni jambo jingine, zima ulinzi huo kwa muda. Ikiandika OC tena, ubovu uko ndani ya inveta, mara nyingi kihisi mkondo. Ikitulia, rudisha kebo peke yake huku upande wa mota ukiwa wazi, kisha mota bila mzigo, mwisho mzigo. Hatua itakayorudisha OC ndiyo yenye jibu.

Kebo yangu ni ya mita 120, ina shildi. Inatripu hata nikiiacha wazi upande wa mota, lakini mega, kipimo cha insulesheni, inasema ni nzima.

Mega iko sahihi. Inapima kwa DC, na kebo ikishajaa chaji haivuti kitu. Inveta inapiga mapigo maelfu kila sekunde, na kila pigo linaijaza kebo chaji upya. Kebo ndefu yenye shildi inahifadhi chaji nyingi, na inveta ndogo ndiyo inayoumia zaidi kwa sababu kikomo chake cha mkondo ni kidogo.

Shusha masafa ya mapigo, kwa mfano kutoka 12 kHz hadi 4 kHz au chini. Mota itavuma kidogo. Isipotosha, funga choki kwenye matokeo, karibu na inveta.

Ukipima kwa mega, ncha zote mbili za kebo ziwe zimefunguliwa. Volti 500 za mega zikipita ndani ya inveta zinaweza kuiua.

Mota ya 7.5 kW imerudi kusukwa upya. Inatripu ikifika 1 au 2 Hz, hata bila mzigo. Insulesheni ni nzuri.

Kwanza fungua boksi la mota usome kibati. Kikisema 230/400 V na inveta ni ya 400 V, viunganishi vikae nyota. Vikiwa delta, kila koili inapata volteji zaidi ya mara 1.7 ya stahili yake, chuma kinashiba sumaku, na mkondo unapaa hata shafti ikiwa huru.

Uunganishaji ukiwa sahihi, angalia busti ya toki, yaani volteji inayoongezwa mwanzoni. Chukua mota ya 15 A yenye upinzani wa omu 1.2 kati ya temino mbili, yaani 0.6 kwa fezi. Busti ya 10% ya 400 V ni 40 V, na kwa fezi ni kama 23 V. Masafa yakiwa karibu na sifuri, upinzani wa koili ndio karibu peke yake unaozuia mkondo: 23 gawanya kwa 0.6 ni 38 A, mara mbili na nusu ya mkondo wa mota. Kwa 4% ni kama 15 A. Ndiyo maana nasisitiza parameta hii: mtu aliiongeza siku mzigo ulipokuwa mzito, kisha ikasahaulika.

Upinzani upimwe fezi zote tatu, kwa mita ya omu ndogo. Mbili zikifanana na moja ikapungua, rudisha mota kwa msukaji. Mizunguko iliyogusana mega haiioni.

Nimeongeza muda wa kupanda kasi kutoka sekunde 3 hadi 30, hakuna kilichobadilika.

Basi muda haukuwa tatizo. Muda mfupi hutripisha katikati ya mpando, mathalani 20 Hz, na ukiuongeza OC inasogea au inatoweka. Ikibaki palepale chini ya 3 Hz, zungusha shafti kwa mkono umeme ukiwa umefungiwa: breki isiyofunguka na beringi iliyokwama hujulikana hapo. Kama ni feni inayozungushwa na upepo kabla ya kuwashwa, washa parameta ya kudaka mota inayozunguka.