Jibu: Namba ya ISIC ya kampuni inapatikana wapi?

> Fomu inataka namba ya ISIC ya kampuni ya Tanga inayotuuzia kamba za katani. Nimejaza 116, inakataa. Naipata wapi?

Salaam ndugu. Namba ya ISIC hutaja aina ya shughuli ya kampuni. Anza na sifuri iliyokosekana mbele ya 116. Namba kamili ni 0116, kilimo cha mazao ya nyuzi, katani ikiwemo. Eksel hula sifuri ya mbele, nami imeshanirudisha dirishani mara mbili pale Tanga mjini.

Ila hao wanasokota kamba, na kilimo si kazi hiyo. Katika toleo la 4 la ISIC, C ni viwanda, 13 ni vitambaa na nyuzi, 139 ni bidhaa nyingine za nyuzi, kisha 1394 ni kamba na nyavu. Kila tarakimu inazidi kubana.

Lakini usiwachagulie wewe. Waombe nakala ya taarifa zao za usajili BRELA, maana shughuli hujazwa kwa namba za ISIC wakati wa kusajili. Wakigoma, omba taarifa za kampuni hiyo kupitia ors.brela.go.tz.

Ukikuta namba mbili, 0116 na 1394, usishangae: wana shamba pia. Fomu ikitaka moja, chukua ya shughuli inayozalisha thamani kubwa zaidi. Waulize wenyewe ni ipi.