Usizidishe 95 ili upate 99

"Wakuu, nipo Mtwara. Tunasubiri dola 200,000 za korosho zilizokwisha kupakiwa bandarini, na mkopo wetu benki ni wa shilingi. Nimekokotoa thamani hatarini ya siku moja, yaani hasara ambayo siku 95 au 99 kati ya 100 haivukwi, kwa badiliko 500 za kiwango cha dola. Kwa asilimia 95, historia inanipa milioni 2.75, mgawanyo wa kawaida unanipa milioni 4.1. Mwezeshaji wa semina alisema tuchukue kubwa kwa tahadhari, kisha tuzidishe kwa 1.414 kupata ya asilimia 99. Nipo sawa?"

Hapana mkuu, usizidishe. Weka kikokotoo chini kwanza. Kosa hili nalijua kwa gharama yake, na linauma zaidi kuona bado linafundishwa semina.

Ulivyo sasa, 4.1 mara 1.414 inakupa kama milioni 5.8. Utaiandika kwenye karatasi ya benki, utatenga akiba ya milioni 5.8, na utajiona mwenye tahadhari kwa sababu ulichagua namba kubwa. Kumbe umechagua njia ambayo ni kubwa kwenye 95 na ndogo kwenye 99. Njia hizi mbili hukatana njiani. Ile inayoonekana kali kwenye siku mbaya za kawaida ndiyo inayolegea kwenye siku mbaya kwelikweli, na akiba unaitenga kwa ajili ya hizo za pili.

Panga badiliko zako 500 kuanzia hasara kubwa. Sina faili lako, kwa hiyo natumia mfano unaotoa namba kama zako: dola 200,000 kwa shilingi 2,500, yaani milioni 500, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi badiliko zinavyotawanyika, wa asilimia 0.50 kwa siku. Hasara kumi za juu, kwa asilimia, ni 3.1, 2.6, 2.2, 1.9, 1.7, 1.5, 1.4, 1.2, 1.1 na 1.0. Ya 25 ni 0.55.

Asilimia 95 ya siku 500 huacha siku 25 nje, kwa hiyo historia inasoma hasara ya 25: asilimia 0.55 ya milioni 500, ambayo ndiyo 2.75 yako. Asilimia 99 huacha siku 5, kwa hiyo inasoma ya tano: asilimia 1.7, yaani milioni 8.5. Si 5.8. Na kama ungeizidisha ile 2.75 ya historia kwa 1.414 ungepata milioni 3.9, chini ya nusu ya kilichoandikwa kwenye data yako mwenyewe.

Kwa nini zinatofautiana? Mgawanyo wa kawaida hausomi orodha yako. Unachukua namba moja tu, mkengeuko sanifu, kisha unachora mkunjo wake wenye umbo la kengele. Mkengeuko huo unatokana na miraba ya badiliko, na miraba huzikuza siku kubwa. Katika mfano huu siku tano mbaya zaidi, ambazo ni asilimia moja tu ya siku zote, zinabeba zaidi ya moja ya tano ya jumla ya miraba yote. Zinauvimbisha mkengeuko, kisha kengele inaugawa uvimbe huo kwa siku zote 500, zikiwemo zile tulivu ambazo dola haikusogea. Ndiyo maana kwenye 95 unaona 4.1 badala ya 2.75: siku za katikati zimebebeshwa hasara isiyo yao. Kule mwishoni, zilikotoka hasara hizo, kengele inaonyesha hasara ndogo kuliko zilivyo. Kwa mkengeuko wa 0.50, kengele inategemea hasara ya asilimia 1.5 au zaidi itokee chini ya mara moja katika siku 500. Hesabu kwenye orodha: zipo sita.

Ile 1.414 ni 2.326 gawanya kwa 1.645, vipimo viwili vya kengele, cha asilimia 99 na cha asilimia 95. Ni kweli ndani ya kengele tu. Anayekufundisha uizidishe bila kukwambia hivyo amekupa nusu ya somo na kukuachia hasara nzima. Wawezeshaji wa namna hii wananikera sana, maana mfano wao wa ubaoni huwa wa data ya kutunga iliyotoka kwenye kengele yenyewe, na hapo lazima njia zote mbili zikubaliane. Data ya dola na shilingi haiko hivyo. Hukaa kimya wiki nyingi, kisha hutembea kwa nguvu.

Fanya hivi. Viwango 501 viweke B2 hadi B502, ili upate badiliko 500. Tumia badiliko la asilimia, si tofauti ya shilingi, kisha lizidishe kwa thamani ya leo.

```
C3: =B3/B2-1
D3: =500000000*C3
=SMALL(D3:D502,25)
=SMALL(D3:D502,5)
=-NORM.S.INV(0.99)*STDEV.S(D3:D502)
=COUNTIF(C3:C502,0)
```

Buruta C3 na D3 hadi mstari wa 502. Hasara zitatoka na alama ya kutoa. Usiweke `PERCENTILE.INC` mahali pa `SMALL`. Kwa siku 500 na 0.01 inatua karibu kabisa na hasara ya sita, na katika mfano huu hiyo ni milioni 7.5 badala ya 8.5. Milioni moja imepotea kwa kuchagua fomula.

Mstari wa mwisho unahesabu sifuri. Ukiona nyingi mno, huenda Jumamosi na Jumapili zimejazwa kiwango cha Ijumaa. Zifute, ongeza viwango vya siku za nyuma zaidi hadi zitimie tena 501, kisha buruta C3 na D3 upya. Sifuri za bandia hupunguza mkengeuko na huifanya ile hasara ya tano isomwe kwenye siku za soko zisizofika 500, hivyo njia zote mbili zinadanganyika kwa pamoja.

Halafu zichapishe hizo siku kumi mbaya pamoja na tarehe zake, uzisome kwa macho kabla hujamwonyesha mtu namba yoyote. Hiyo ndiyo kanuni yangu na siiachi. Wewe unapokea dola, kwa hiyo unaumia shilingi inapopanda, na mara nyingi hupanda msimu wetu, dola za korosho zinapoingia. Mwishoni mwa 2024 dola ilishuka kutoka takriban shilingi 2,700 hadi chini ya 2,500 ndani ya wiki chache. Kama dirisha lako la data lina Februari hadi Septemba tu, historia haitaziona siku kama hizo, kwa sababu haiwezi kusoma siku isiyokuwemo. Chukua miaka kamili. Siku 500 za kazi ni kama miaka miwili, yaani misimu miwili ya minada.

Na tarehe hizo zikiwa zimekusanyika kwenye wiki mbili tatu, jua kwamba milioni 8.5 yako imesimama juu ya tukio moja. Siku tukio hilo litakapotoka nyuma ya dirisha, namba itaporomoka asubuhi moja bila dola kusogea. Usipunguze akiba asubuhi hiyo. Rudi kwenye orodha uangalie ni tarehe ipi imetoka.