QTc ya mashine: kaa chini na kalamu kabla ya kuandika rufaa

Wadogo zangu mlioanza mafunzo kwa vitendo, barua zenu za rufaa za kliniki ya moyo nimezisoma. Karibu zote zimenakili neno kwa neno maoni yaliyochapwa na mashine ya ECG. Jamani, bingwa anajua kusoma! Na karatasi yenyewe imeandikwa "Unconfirmed", mashine haijajiamini, wewe unaiamini kwa lipi?

1. Jina la mgonjwa, kasi 25 mm/s, kimo 10 mm/mV. Hayo kwanza.

2. PR na QRS mara nyingi hazina ugomvi. Mwenye vituko ni QT, hasa ikisharekebishwa kwa kasi ya mapigo ikawa QTc. Kuna dada mmoja alikuja na homa, mapigo 120 kwa dakika. Mashine ikatoa QT 340, QTc 481, na juu ikachapa "Prolonged QT". Barua ikaenda hivyo hivyo, na sahihi ya chini ilikuwa yangu. Dada wa watu akaambiwa umeme wa moyo wake una hitilafu, akawa anaisubiri tarehe ya kliniki huku akiogopa kulala peke yake.

Hebu tufanye hesabu ambayo siku ile haikufanywa. Mapigo 120 maana yake RR ni sekunde 0.5, yaani miraba mikubwa miwili na nusu. Mashine ile, kama nyingine nyingi, ilitumia Bazett:

```
QTc = QT / √RR = 340 / 0.707 = 481
```

Bazett huongeza chumvi moyo ukienda mbio, na ukienda polepole huficha tatizo. Fridericia hutumia kipeuo cha tatu:

```
QTc = QT / ∛RR = 340 / 0.794 = 428
```

Kwa mwanamke tunaanza kuhofu ikipita 460. Homa iliposhuka tukarudia kipimo, na hata kwa Bazett QTc ilikuwa ya kawaida.

Na hiyo 340 yenyewe usiipokee tu. Nenda lidi ya II au V5, anzia QRS inapoanza, kisha chora mstari ukifuata mteremko mkali wa T hadi ukate mstari wa msingi. Uhesabu miraba midogo, kila mmoja 40 ms. Hapa inatoka minane na nusu. Moyo ukikimbia, P inayofuata hupanda mgongoni mwa T, na mashine inaweza kupima mkia usio wa T.

3. Orodhesha dawa zote anazotumia, haloperidoli, erithromisini na methadoni zisisahaulike, pamoja na jibu la potasiamu. Ambatisha ECG ya zamani kama ipo.

4. QTc ikipita 500 kwa njia zote mbili na QRS ni nyembamba, usimpangie tarehe mtu huyo. Mwite mkubwa wako zamu hiyo hiyo, mgonjwa awekwe kwenye monita, na dawa zake zipitiwe kabla dozi inayofuata haijatolewa.