Kengele yangu ililia kama nyuki

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimeunganisha opereta mbili za FM, lakini kengele yangu inavuma kama nyuki kwenye chupa." FM hapa si redio, ni njia ya kutengeneza sauti kwa wimbi moja kulitikisa jingine. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Zamani produza mmoja alisikiliza kengele yangu, akaizima katikati na kuniuliza kama kifaa kimeharibika. Mpaka leo inaniuma, maana alikuwa na haki ya kuuliza.

Opereta ni wimbi la sine, mlio mmoja mtupu, lenye kiwango chake cha nguvu na mwendo wake wa kufifia. Moja unaisikia, naiita mbebaji. Nyingine, mtikisaji, husikii mlio wake, kazi yake ni kumtikisa mbebaji kwa kasi hadi sauti mpya zizaliwe. Uwiano ndio unaosema kila opereta inakwenda mara ngapi ya noti uliyobonyeza.

Chukua noti ya hezi 200. Mbebaji mpe 1.00, mtikisaji 1.40, yaani hezi 280. Juu ya 200 zinazaliwa 480 na 760. Upande wa chini hesabu inapita sifuri, na kilichopita sifuri hurudi juu: unapata 80 na 360. Hakuna hata moja iliyo 200 mara namba kamili, ndiyo maana sikio linasikia chuma. Ukimrudisha mtikisaji kwenye 1.00 zinakuja 400, 600, 800, na kengele imekwisha.

Mimi uwiano nilikuwa nao sawa. Kosa langu lilikuwa kumwacha mtikisaji asimame kwenye kiwango kile kile muda wote noti inapolia. Kengele ya kweli ikigongwa, ukali hutangulia kufa, mvumo ukabaki. Basi wote wawili waanze papo hapo, mbebaji afifie kwa sekunde 4 hivi, mtikisaji kwa 2, na wote waishie sifuri. Nilipogundua hilo nilikuwa nimeshapoteza wiki nzima nikihangaika na mwangwi. Acheni kupaka mwangwi juu ya mlio mbovu!

Kinanda cha umeme, kile kilichozagaa baada ya sinthesaiza ya Yamaha DX7 kutoka mwaka 1983, kinataka jozi mbili. Ya kwanza ni 1.00 kwa 1.00, kiwango cha mtikisaji kikiwa chini: huo ndio mwili wa sauti. Ya pili ni mbebaji 1.00 na mtikisaji 14.00, anayekufa upesi sana. Ndiye anayetoa ile "ting" ya nyundo kugusa chuma. Kiwango chake kifungeni kwenye nguvu ya kidole, ukigusa polepole ting ipotee.

Halafu pandeni hadi funguo za juu, moja moja. Mkisikia mlio mwembamba unaoshuka wakati noti zinapanda, sauti zimevuka uwezo wa kompyuta na zinarudi kinyumenyume. Hapo mpunguzeni yule wa 14.00 kwenye noti za juu tu. Msiguse uwiano.