Ukuta wa Mkahawa wa Mtindo wa Ubao: Pima Nafasi ya Maandishi Kabla ya Kuchora Kikombe cha Kwanza

Ukuta wangu wa kwanza wa mkahawa wenye sura ya ubao wa chaki, wenye menyu na michoro, niliuchora kinyumenyume. Nilianza na kilichonivutia: mmea mkubwa wenye majani mapana kwenye kona, vikombe vilivyopandana, mvuke unaopanda, vyungu vidogo vya maua vimepangwa juu. Ulipendeza kweli. Kisha mwenye mkahawa akaja na orodha ya vinywaji 14 na bei zake, na nafasi iliyobaki katikati ya majani haikuzidi upana wa mlango wa kabati. Nikaandika herufi za sentimita 2. Wateja walisimama kwenye foleni, wakakodoa macho, halafu wakamuuliza mhudumu kuna nini. Menyu ilikuwepo ukutani, lakini haikuwa ikisomeka.

Tangu hapo naanza na maandishi, hata kama maandishi yenyewe sitayaandika mimi. Nakwambia wewe unayeanza: kazi yako hapa ni kulinda nafasi tupu. Michoro ndiyo ukingo wake.

Kabla ya kushika penseli, omba vitu viwili. Kwanza, orodha kamili ya yatakayoandikwa, pamoja na bei. Usikubali kuambiwa "kama vinywaji kumi hivi". Pili, nenda ukasimame pale wateja wanaposimama wakisubiri zamu, upime kutoka hapo hadi ukutani. Kanuni ya kukadiria wanayotumia waandishi wa mabango ni herufi ya sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Chaki ina kingo chakavu na huwa hafifu kuliko rangi, kwa hiyo mimi huongeza kidogo.

Tuchukue mfano. Ukuta una upana wa sentimita 280 na kimo cha 180, ukianzia juu ya kaunta. Foleni iko mita 4 kutoka hapo. Kanuni inatoa herufi za sentimita 3.3 hivi, nami naziweka 4. Kutoka mstari hadi mstari naacha sentimita 8, kwa sababu mistari iliyobanana husomeka vibaya zaidi kuliko herufi zilizo ndogo kidogo. Vinywaji ni 12. Naongeza mistari miwili mitupu, maana menyu hukua. Mistari 14 mara 8 ni sentimita 112. Kichwa cha herufi za sentimita 10 pamoja na hewa yake kinachukua 18, tunafika 130. Sentimita 5 juu na 5 chini, jumla 140.

Upana unatokana na jina refu kuliko yote, ambalo hapa lina herufi 18 ukihesabu na nafasi kati ya maneno. Herufi ya kimo cha 4 huchukua karibu sentimita 2.8 pamoja na pengo lake, kwa hiyo jina hilo linahitaji sentimita 50. Bei ya tarakimu nne ni 11 nyingine. Kati ya jina na bei naacha 15, na pembeni 7 kila upande. Tunapata 90. Basi bloku ya menyu, yaani nafasi tupu ya maandishi, ni 90 kwa 140, na hilo halijadiliwi na jani lolote. Bloku ya pili, ya kinywaji cha leo, naipa 60 kwa 50 upande wa kulia.

Ichore hesabu hiyo kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa, sentimita 1 ya karatasi ikiwa sentimita 10 za ukuta. Ukuta wetu unaenea vizuri humo: 28 kwa 18. Paka bloku zote mbili kwa penseli ziwe nyeusi tii, ndipo uanze kutafuta mahali pa mimea na vikombe. Mwonyeshe mwenye mkahawa karatasi hiyo, akubali bloku kwanza.

Ukutani, alama za pembe za bloku zipime kwa pimamaji, kwani macho hudanganywa na dari iliyoinama. Kisha zungushia utepe wa karatasi wanaotumia mafundi rangi, na ndani ufunike kwa karatasi ili matone yasianguke. Usichore fremu ya kudumu kuzunguka bloku. Siku menyu ikiongezeka mistari mitatu, fremu hiyo itakuwa jela. Acha majani na shina vifanye kazi ya fremu, vikomee sentimita 5 kabla ya utepe. Jani moja likiingia ndani, hata ncha tu, litasomwa kama alama ya herufi.

Hapa ndipo wengi huteleza: michoro ni ya kudumu, maandishi ni ya kufutika, na vitu hivyo viwili havitaki matayarisho ya aina moja. Rangi ya ubao ikishapakwa, iache siku 3 ikomae. Baada ya hapo ubao huhitaji kulainishwa kwa chaki: unalaza kijiti ubavu, unasugua eneo lote, kisha unafuta kwa kitambaa kikavu. Usipofanya hivyo, maandishi ya kwanza huacha kivuli kisichotoka. Lakini ukisugua chaki ukuta mzima kabla ya kuchora, rangi ya akriliki itakaa juu ya vumbi na kubanduka. Niliwahi kuona vikombe vikitoka kama magamba ya samaki.

Kwa hiyo chora kwanza kwenye rangi safi. Rasimu iwe ya chaki nyepesi uliyoichonga, na unapopita na rangi futa vumbi la mstari ule kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Changanya nyeupe na tone la kijivu, kwani nyeupe tupu hung'aa kama plastiki. Brashi iwe kavu kiasi, mstari ukatike hapa na pale kama chaki. Rangi ikikauka siku nzima, toa utepe, sugua chaki ndani ya bloku, ufute. Kisha pitisha kitambaa hichohicho chenye vumbi juu ya michoro pia. Utando ule wa kijivu ndio unaoufanya ukuta wote uonekane ubao mmoja.

Kuhusu kalamu za chaki za maji, zijaribu kwanza kwenye kona iliyofichika: andika, subiri siku moja, futa kwa kitambaa chenye maji. Baadhi ya rangi za ubao hunywa wino wake kabisa, usifutike.

Unene wa mistari nao una neno. Herufi ya sentimita 4 ikiandikwa kwa mstari wa milimita 5, michoro isizidi 3. Vikombe vilivyojazwa nyeupe viweke mbali na menyu, kwani jicho huvikimbilia. Mvuke wa mawimbi mafupi mafupi hufanana na mwandiko. Uchore mrefu, nyuzi mbili tu. Na usijaze pengo kwa mikwaruzo ya kuigiza maandishi. Watu watajaribu kuisoma.

Kabla ya kuondoka, rudi pale kwenye foleni, finya macho hadi ukuta uwe ukungu. Unatakiwa uone bloku mbili nyeusi kwanza, mimea baadaye. Ukiona mmea kwanza, chukua rangi ya ubao na brashi ndogo, uanze kupunguza majani yaliyo karibu na bloku. Mimi hupunguza karibu kila mara, na majani ninayoyafuta huwa yale niliyoyapenda zaidi.