Keshia kuuzia mteja cha ziada: jumla ikishatajwa, nyamaza

"Wadau, niko na minimati Kayole, keshia ni mmoja. Kuna mshauri amenipangia kila mteja aulizwe vitu vitatu kabla hajatoka, na keshia apate shilingi 5 kwa kila kitu atakachoongeza. Naanza wiki ijayo. Kuna mtu amejaribu? Pia peremende na betri niziweke upande gani wa kaunta, na mnatumia programu gani ya mauzo?"

Usianze! Huo mpango naujua mpaka harufu yake. Mimi niliununua kwa pesa zangu, kwa duka langu la Umoja, kutoka kwa bwana mmoja mwenye viatu vya kuchongoka na michoro ya rangi kwenye kompyuta, ambaye nina hakika hajawahi kusimama nyuma ya kaunta saa moja jioni watu wakishuka matatu. Kama ni yule yule, msalimie sana.

Nikuonyeshe mtego ulipo, maana ukianza hutauona. Wiki ya kwanza utafurahi. Ripoti itakuambia wastani wa risiti umepanda, na mshauri atakupigia simu akuulize, "Si nilikuambia?" Mimi nilimlipa salio lake siku hiyo hiyo, tena nikamshukuru. Chekeni tu, nimezoea.

Chukua namba rahisi. Tuseme kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku duka lako linatoa risiti 100, kila moja kwa wastani wa shilingi 250. Hiyo ni 25,000. Mpango unaanza, risiti zinakuwa 80, wastani unafika 290. Umepanda kwa asilimia 16, piga makofi. Sasa zidisha: 80 mara 290 ni 23,200. Jioni moja umepoteza mauzo ya shilingi 1,800, na karatasi inakwambia umeshinda.

Hao 20 wameenda wapi? Ni wale wa mkate mmoja na pakiti ya maziwa. Mtu ameshika kitu kimoja mkononi, mbele yake kuna watu sita, na huko mbele keshia anamuuliza mama wa watu kama hataki sabuni ya vyombo, na kama hataki ya unga, na kama ameona hii ya maji iliyo na ofa. Anaangalia simu, anatazama mlango, anauweka mkate juu ya mafuta ya kupikia na kuvuka barabara kwenda kibandani. Sasa sikiliza vizuri hapa: akiondoka huyo, risiti ndogo imetoka kwenye hesabu, kwa hivyo wastani wa zilizobaki unapanda wenyewe, hata kama keshia hajauza cha ziada hata kimoja. Ripoti inakupongeza kwa kufukuza watu.

Kwa hivyo wastani usiutazame kabla hujaangalia idadi ya risiti za saa za msongamano. Na ukifunga duka zunguka rafu. Ukikuta mkate kwenye mafuta na maziwa yamepata joto kando ya dawa za mbu, hao ni wateja walioshindwa kungoja. Mimi niliviona hivyo vitu kila usiku nikawa nalaumu watoto wa mtaa.

Usiniambie maswali ni sekunde chache. Keshia anayemaliza mteja kwa dakika moja anahudumia watu 60 kwa saa. Wakija 54, anawamudu na anapata nafasi ya kupumua. Muongezee sekunde 15 kwa kila mteja, sasa anamudu 48, na wanaokuja bado ni 54. Kila saa inaacha watu sita nyuma, wanawakuta wa saa inayofuata, na foleni haitapungua mpaka watu waache kuja au wachoke waondoke. Saa nne asubuhi, wakija 20 kwa saa, hizo sekunde 15 hakuna anayezihisi. Unajua mshauri wangu alifanya majaribio yake saa ngapi? Saa nne asubuhi. Akanywa na chai yangu.

Sasa kanuni yenyewe, na ukisahau mengine yote shika hii: cha ziada ni kimoja, na kinatajwa kabla ya jumla. Keshia akishasema "mia tatu arobaini", mdomo wake umefungwa. Hata kama mteja amesahau majani ya chai na wewe unajua amesahau, atarudi kesho.

Nina sababu. Kwetu hapa watu wengi wanalipa kwa M-Pesa. Ukitaja jumla, mteja anafungua simu, Lipa na M-Pesa, anaweka namba ya tili, anaweka 340, anajiandaa kuweka PIN. Ukimtupia hapo "na mayai je?", akikubali inabidi afute aanze upya, au alipe mara mbili, na wewe ungoje meseji mbili. Mara nyingine anachanganyikiwa anatuma 340 badala ya 400, mnaanza kubishana nani anadai nani. Na kama risiti ya eTIMS imeshatoka, huwezi kuifungua uingize mayai ndani, unatoa nyingine. Wa pesa taslimu naye ameshahesabu noti zake na ameshapanga chenji ni ya nini. Kwake jumla ndiyo mwisho wa biashara, kila unachotaja baada ya hapo anakisikia kama unamdai.

Halafu kuna aibu, na hii ndiyo iliniumiza kuliko zile pesa. Mtaani mtu anaingia dukani na pesa ya jioni hiyo, kamili. Ukimuuliza mara tatu mbele ya jirani zake, mara tatu unamlazimisha kusema hana. Kuna mama mmoja alikuwa ananunua kwangu tangu nifungue, siku moja keshia akamng'ang'aniza achukue sukari ya kilo mbili, eti ndiyo inatoka nafuu. Yule mama alijua bei ya kilo mbili vizuri kuliko keshia. Alikuwa na pesa ya nusu kilo, basi. Alicheka, akalipa, na sasa nikikutana naye stejini ananisalimia kwa heshima zote, lakini dukani haji. Kwa hiyo pakiti kubwa nimeacha kuitaja kabisa kwa mtu aliyeshika ndogo. Nazipanga zikiwa zimekaa pamoja rafuni na bei zinaonekana, macho yake yafanye hesabu mwenyewe kimya kimya.

Ukitaka kuona swali la kaunta ambalo halimuudhi mtu, sikiliza lile la begi. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017, kila keshia Nairobi anauliza, "Uko na begi?" Umewahi kuona mtu akikasirika? Linaulizwa mtu akianza tu kuweka vitu kaunta, ni moja, lina maana kwa alichobeba, begi liko mkononi mwa keshia na bei yake ni kidogo kando ya ununuzi wote. Anasema ndiyo au hapana, mkono wa keshia haujasimama. Nilikuwa na swali zuri dukani mwangu miaka yote na nikaenda kulipa mtu aniletee baya.

Cha ziada kiige lile la begi. Mtu ameweka mkate, keshia akiwa anaupitisha kwenye skana anasema, "Mayai ni kumi na tano moja, niweke mangapi?" Mayai yawe hapo pembeni yake, mkono unayafikia bila kusimama. Ameweka tochi, "betri zake ni hizi, themanini." Anataja kitu, anataja bei, na mikono inaendelea kupitisha vitu. Akijibiwa hapana, au asipojibiwa, ni hapana. Harudii na habadilishi kitu kingine.

Nilipiga marufuku "Kuna kingine?" Inasikika kama adabu, lakini ndiyo swali ghali kuliko yote dukani. Mteja anaanza kufikiri, anakumbuka chumvi, anasema "Ngoja kidogo," na anarudi rafu ya nyuma kabisa akiacha vitu vyake kaunta. Watu saba wanamwangalia mgongo. Keshia hawezi kumpitisha wa pili kwa sababu hesabu ya kwanza iko wazi kwenye skrini. Dakika mbili zimekwenda kwa chumvi ambayo faida yake ni shilingi chache.

Na foleni ikifika mtu wa nne, keshia haulizi chochote isipokuwa begi. Nilibandika alama ya utepe sakafuni pale anaposimama wa nne. Keshia akiona miguu kwenye utepe, anajua. Ukimwachia aamue mwenyewe "kama kuna watu wengi", kila siku wengi watakuwa idadi tofauti.

Sasa hiyo shilingi 5. Hapo ndipo mshauri wako anakumaliza vizuri. Keshia hajali foleni yako, kwake yeye sasa kila mteja ni pesa ya nauli. Wa kwangu walianza kuuliza hata watoto waliotumwa na pesa kamili ya unga. Baadaye mmoja akagundua njia fupi: anapitisha kiberiti kwenye skana bila kuuliza, anasema "nimekuwekea na hii ya kumi", na mtu aliye na haraka anaona aibu kubishania shilingi kumi. Mpaka akifika nyumbani. Kesho yake anakuja kusoma risiti mstari kwa mstari hapo hapo kaunta, na hawezi kulaumiwa, lakini foleni nayo imesimama. Sikumfukuza huyo keshia, nilikuwa namlipa afanye hivyo! Nikafuta shilingi 5, nikaweka kitu kidogo cha mwisho wa wiki kwa wote, kikitegemea risiti za jioni zisipungue na vitu vilivyoachwa ovyo rafuni visiongezeke.

Kama mkono unakuwasha lazima ujaribu kitu, chagua kimoja tu, mayai kwa wa mkate, kwa wiki mbili. Usilinganishe wiki hii na iliyopita kama mshahara umeingia katikati, maana mwisho wa mwezi watu wanabeba vingi hata keshia akiwa bubu. Linganisha Jumanne ya pili ya mwezi huu na Jumanne ya pili ya mwezi uliopita, saa kumi na mbili hadi saa mbili. Anza na idadi ya risiti. Ikiwa imeshuka, sina haja ya kusikia mayai yaliuzwa mangapi. Na huyo mshauri usimlipe salio kabla hajasimama kaunta kwako Ijumaa jioni, yeye mwenyewe, na viatu vyake.